Dirisha Moja, Wateja 12 kwa Saa: Foleni Inatoka Wapi?

Kibanda cha wakala wa pesa kina dirisha moja na mhudumu mmoja. Wapo wanaokuja kutoa, wapo wanaoweka, na wapo wanaotaka kusajili laini huku kitambulisho wamekiacha nyumbani. Ukipiga hesabu ya siku nyingi, wateja 12 hufika kila saa, na kila mmoja humchukua mhudumu dakika 4 kwa wastani. Dirisha hilo basi lina uwezo wa kuhudumia watu 15 kwa saa, na wanaokuja ni 12 tu. Katika kila saa, mhudumu anabakiwa na dakika 12 za kukaa bila kazi.

Mwenye kibanda akizitazama namba hizo ataona hakuna sababu ya foleni. Uwezo unazidi mahitaji, tena kwa nafasi ya kutosha. Lakini hesabu ya foleni inatoa jibu jingine kabisa. Mteja wa kawaida atatumia dakika 20 pale kibandani: 16 za kusubiri na 4 za kuhudumiwa. Mteja mmoja katika kila 20 atakaa zaidi ya saa nzima. Hayo yote yanatokea huku moja ya tano ya muda wa mhudumu ikipita bure.

Namba za kibanda hiki zimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini kanuni yenyewe ni ile ile kwa dirisha la benki, meza ya mapokezi ya zahanati au kompyuta inayopokea maombi moja baada ya jingine. Ni kanuni fupi kuliko watu wanavyodhani, na mtu yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kuifuata mpaka mwisho.

Ilianzia kwenye simu. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyezaliwa mwaka 1878 katika kijiji cha Lønborg, alikuwa mwalimu kabla ya kuajiriwa na Kampuni ya Simu ya Kopenhagen mwaka 1908. Aliyemfungulia njia alikuwa Johan Jensen, mhandisi wa kampuni hiyo ambaye pia alikuwa mwanahisabati mwenye jina. Siku hizo simu ziliunganishwa kwa mkono: mpigaji alimwomba mhudumu wa kituo, na mhudumu akachomeka waya kwenye tundu la anayetafutwa. Kampuni ilitaka kujua ni wahudumu wangapi na nyaya ngapi zitatosha bila kuwachosha wateja kwa kusubiri. Mwaka 1909 Erlang alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba simu zinazopigwa bila mpangilio zinafuata sheria ya uwezekano iliyopewa jina la Mfaransa Poisson. Mwaka 1917 akatoa fomula za kupotea na kusubiri kwa simu ambazo wahandisi wa nchi nyingi walizichukua. Leo kipimo cha wingi wa simu kwenye mtandao kinaitwa erlang.

Wazo lake kubwa lilikuwa kuacha kumfuatilia mteja mmoja mmoja. Yeye alihesabu kitu kimoja tu: kwa sasa wako watu wangapi?

Idadi hiyo, ukijumlisha anayehudumiwa na wanaosubiri, inaweza kuwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Mteja akifika inapanda kwa moja. Mteja akimaliza inashuka kwa moja. Hairuki kutoka 2 hadi 5, wala haianguki kutoka 6 hadi 1, kwa sababu watu huingia na kutoka mmoja mmoja. Wanahisabati huita mwendo wa namna hii mnyororo wa kuzaliwa na kufa, jina lililotoka kwenye hesabu za ongezeko la viumbe, ambazo William Feller, mzaliwa wa Zagreb, aliziandikia mwaka 1939. Kwenye kibanda, anayefika ndiye anayezaliwa na anayeondoka ndiye anayekufa.

Foleni inayozungumzwa hapa ina sharti moja zaidi: kasi ya kufika na kasi ya kuhudumia hazibadiliki. Sharti hili linahitaji kueleweka vizuri, kwa kuwa ndilo linalobeba kila kitu kinachofuata.

Wateja 12 kwa saa ni sawa na mteja mmoja kila sekunde 300 kwa wastani. Kasi isiyobadilika maana yake ni kwamba katika kila sekunde uwezekano wa mteja mpya kutokea ni 1 kwa 300, iwe pale dirishani kuna watu kumi au hakuna hata mmoja, iwe mteja wa mwisho amefika sasa hivi au amefika nusu saa iliyopita. Upande wa huduma ni vivyo hivyo. Watu 15 kwa saa ni mmoja kila sekunde 240, kwa hiyo ikiwa kuna anayehudumiwa, uwezekano wa kumaliza katika sekunde hii ni 1 kwa 240, awe ameanza muda huu au amesimama dirishani dakika kumi. Foleni ya namna hii haina kumbukumbu. Ili kujua kitakachofuata, inatosha kujua idadi ya watu waliopo sasa, na yaliyotangulia hayaongezi chochote.

Jambo hilo linaonekana geni kwa upande wa huduma. Mtu ambaye amekwisha kuhudumiwa dakika 3 bado amebakiza, kwa wastani, dakika 4 nzima. Kwa kibanda cha wakala si ajabu sana ukiangalia kinachotokea. Kwa yule anayetoa pesa, muamala wake unaisha ndani ya dakika moja. Aliyekwisha kufika dakika ya tatu huenda ndiye mwenye usajili wa laini, au mwenye namba iliyokosewa, na mtu wa namna hiyo hana dalili ya kumaliza karibuni.

Sasa swali la msingi. Kibanda kikiendelea kwa muda mrefu katika kasi hizo hizo, ni sehemu gani ya muda kitakuwa hakina mtu, sehemu gani kitakuwa na mmoja, sehemu gani wawili? Orodha ya sehemu hizo ndiyo mgawanyo tulivu wa foleni. Utulivu huu usieleweke vibaya. Foleni yenyewe haitulii kamwe, inapanda na kushuka mchana kutwa. Kinachotulia ni uwiano wa muda. Ukichungulia kibanda saa yoyote baada ya mwanzo kusahaulika, uwezekano wa kukuta watu wawili ni ule ule, iwe ni leo au kesho.

Njia ya kuupata mgawanyo huu ni fupi na nzuri, na inastahili kufuatwa taratibu. Piga mstari kati ya hali mbili zilizo jirani, kwa mfano kati ya "hakuna mtu" na "mtu mmoja". Kila mara mteja anapofika kwenye kibanda kitupu, idadi inavuka mstari kwenda juu. Kila mara mteja wa pekee anapoondoka, inavuka kurudi chini. Haiwezekani kuvuka mara mbili mfululizo kwenda juu bila kurudi kati yake, kwa sababu ili uvuke tena lazima kwanza uwe chini. Kwa hiyo hesabu ya mivuko ya kupanda na ile ya kushuka haziwezi kutofautiana kwa zaidi ya mmoja, hata ukihesabu kwa mwaka mzima. Katika muda mrefu, tofauti ya mmoja si kitu. Mivuko ya juu ni sawa na mivuko ya chini.

Hapo ndipo hesabu inapokamilika. Mivuko ya kupanda kutoka hali fulani ni muda uliotumika katika hali hiyo mara 12. Mivuko ya kushuka kutoka hali inayofuata ni muda uliotumika huko mara 15. Ikiwa viwili hivyo ni sawa, basi muda wa hali ya juu ni 12/15, yaani 0.8, ya muda wa hali iliyo chini yake. Mstari unaweza kupigwa popote, kati ya 1 na 2, kati ya 7 na 8, na jibu ni lile lile, kwa kuwa kasi hazibadiliki. Kila hali inapata asilimia 80 ya muda wa ile iliyoitangulia.

Kilichobaki ni kujua hali ya kwanza inapata kiasi gani. Mhudumu ana kazi 0.8 ya muda wote, kwa kuwa wateja 12 wa dakika 4 kila mmoja humla dakika 48 katika saa. Iliyobaki, 0.2, ndiyo muda ambao hakuna mtu. Kuanzia hapo mtu anazidisha kwa 0.8 tu: hakuna mtu 0.2, mtu mmoja 0.16, wawili 0.128, watatu 0.1024, na kuendelea bila mwisho, kila namba ikiwa ndogo kuliko ya kabla yake, na zote zikijumlishwa hufikia 1 kamili. Vitabu huandika uwiano wa kasi hizo mbili kwa herufi ya Kigiriki ρ, inayosomwa ro, na kanuni nzima inakaa katika mstari mmoja:

π(n) = (1 − ρ) × ρⁿ

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuihesabu katika saa 1,000 za kazi. Katika saa hizo kibanda ni kitupu kwa saa 200, na wateja wanaofika wakati huo ni 200 mara 12, yaani 2,400. Kina mtu mmoja kwa saa 160, na wanaomaliza wakati huo ni 160 mara 15, yaani 2,400. Zimelingana. Kati ya mtu mmoja na wawili: wanaofika ni 160 mara 12, yaani 1,920. Wanaomaliza wakati kuna wawili ni 128 mara 15, nao ni 1,920. Mtu anaweza kuendelea hivyo mpaka achoke, na kila mstari utalingana.

Mgawanyo huu una mambo ambayo wastani peke yake unayaficha. La kwanza ni kwamba hali inayotokea mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni kibanda kitupu. Mwenye kibanda akipita pale bila taarifa, hakuna picha atakayoikuta mara nyingi zaidi ya mhudumu aliyekaa tu. Lakini wastani wa watu waliopo, unaopatikana kwa kugawanya ρ kwa 1 − ρ, ni 0.8 gawanya kwa 0.2, yaani watu 4. Kitupu ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na wastani ni wanne! Mambo hayo mawili hayapingani. Mkia wa mgawanyo huu ni mrefu: karibu theluthi moja ya muda kuna watu watano au zaidi, na zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya muda kuna watu kumi au zaidi. Vipindi hivyo vya msongamano ndivyo vinavyouvuta wastani juu.

Mwenye kibanda anayepima kwa kuchungulia anaweza kumwona mhudumu mvivu, na mteja anayelalamika akaonekana anatia chumvi, kumbe wote wawili wanasema kweli.

La pili ni kile anachokikuta mteja mwenyewe. Katika saa zile 1,000 walifika wateja 12,000, na 2,400 kati yao walikuta kibanda kitupu. Hiyo ni moja ya tano, sawa kabisa na sehemu ya muda ambayo kibanda ni kitupu. Kwa wateja wanaofika bila mpangilio, wanachokikuta kinalingana na mgawanyo wa muda katika kila hali. Basi mteja anayefika anakuta, kwa wastani, watu 4 mbele yake. Kila mmoja wao atachukua dakika 4 kuanzia sasa, hata yule aliyekwisha kuanza, maana huduma haina kumbukumbu. Nne mara nne ni 16, ongeza dakika zake 4, na ndizo dakika 20 zilizotajwa mwanzoni.

Ipo njia ya pili ya kufika hapo hapo, na inafaa kuijua kwa sababu inafanya kazi hata kwenye foleni ambazo hazifuati masharti haya. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Kimarekani, alithibitisha kwamba wastani wa watu waliopo ni sawa na kasi ya kufika mara wastani wa muda anaokaa kila mmoja. Watu 4 gawanya kwa 12 kwa saa ni theluthi ya saa. Dakika 20.

Inawezekanaje basi mhudumu mwenye dakika 12 za bure kila saa akazalisha foleni ya namna hii? Jibu ni kwamba dakika ya bure haiwekwi akiba. Wateja wanne wakifika pamoja saa 4 asubuhi, hawawezi kutumia muda uliopotea saa 3 na nusu wakati hapakuwa na mtu. Muda wa bure unapotea moja kwa moja, na msongamano unabaki mpaka umalizwe kwa kazi. Ndiyo maana foleni inatokea hata pale uwezo unapozidi mahitaji.

Lifuatalo ndilo linalowaponza wengi. Tuseme biashara inakua, na badala ya wateja 12 wanakuja 13.5 kwa saa. Ongezeko ni kama asilimia 12 tu. Uwiano unakuwa 0.9, na wastani wa watu ni 0.9 gawanya kwa 0.1, yaani 9. Muda wa kukaa unakuwa dakika 40. Ongeza robo tatu ya mteja tu kwa saa, wafike 14.25: uwiano ni 0.95, watu ni 19, na muda ni dakika 80. Kutoka wateja 12 hadi 14.25 si mbali, lakini foleni imekua karibu mara tano. Kinachogawanya ni ile sehemu ya bure, 1 − ρ, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kila kipande kidogo kinachokatwa kinavyouma zaidi.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa inaleta faraja. Wateja wabaki 12 kwa saa, lakini huduma ifupishwe kutoka dakika 4 hadi 3, kwa kuweka chenji tayari na kumtaka kila mteja awe na kitambulisho mkononi na namba imeandikwa kabla ya kufika dirishani. Sasa uwezo ni watu 20 kwa saa, uwiano ni 0.6, na wastani wa watu ni mmoja na nusu. Muda wa kukaa unashuka kutoka dakika 20 hadi dakika saba na nusu. Dakika moja iliyookolewa dirishani imempunguzia kila mteja dakika kumi na mbili na nusu.

Wakifika 15 kwa saa, sawa sawa na uwezo, mgawanyo tulivu unatoweka. Si kwamba unakuwa mbaya sana, la, haupo. Kwa kanuni ya mstari, kila hali ingepaswa kupata muda sawa na jirani yake, na hali hazina mwisho. Sehemu sawa zisizo na mwisho haziwezi kujumlishwa zikafika 1. Kinachotokea kwenye kibanda ni kwamba idadi inatangatanga, kila kitu kinaonekana kama kitarudi kwenye sifuri, na kweli siku moja kitarudi, lakini wastani wa muda wa kusubiri siku hiyo hauna kikomo. Wakifika 18 kwa saa hakuna fumbo tena: foleni inaongezeka watu 3 kila saa, na baada ya siku ya kazi ya saa 8 kuna watu kama 24 wanaosubiri.

Hapa kuna jambo ambalo hata wanaoijua kanuni hii hulisahau. Mgawanyo tulivu unaeleza foleni iliyokwisha kusahau ilivyoanza. Kibanda kinafunguliwa asubuhi kikiwa kitupu, kinafungwa jioni, na kesho yake kinaanza upya. Je, siku moja inatosha kusahau?

Kwa foleni hii muda wa kusahau unajulikana. Unapatikana kwa kutoa kipeuo cha pili cha kasi ya kufika kutoka kipeuo cha pili cha kasi ya kuhudumia, jibu ukalizidisha kwa lenyewe, kisha ukagawanya 1 kwa hicho ulichopata. Kwa makadirio, huo ndio muda ambao athari ya mwanzo hupungua hadi kama theluthi. Wateja wakiwa 12 na uwezo 20, ni saa moja tu. Kabla ya saa 4 asubuhi kibanda kimekwisha kutulia. Wakiwa 12 na uwezo 15, ni karibu saa 6, kwa hiyo wateja wa asubuhi watakaa chini ya dakika 20 na ni wa alasiri watakaoikaribia namba hiyo. Wakiwa 14.25 kwa uwezo wa 15, ni kama saa 104. Kibanda kinachofungwa kila jioni hakiwezi kuufikia utulivu huo hata siku moja, na zile dakika 80 zinabaki kuwa namba ya kwenye karatasi. Kinachoonekana siku kwa siku ni foleni inayokua tangu asubuhi mpaka milango inafungwa, ndefu leo na fupi kesho bila sababu inayoeleweka.

Upande wa pili wa jambo hili unaonekana siku mtandao unapokatika. Tuseme umekatika saa nzima na wateja 12 wamejikusanya. Mtandao ukirudi, mhudumu anahudumia 15 kwa saa huku 12 wapya wakija, kwa hiyo foleni inapungua watu 3 tu kwa saa. Itachukua, kwa wastani, saa 4 mpaka kibanda kiwe kitupu tena. Kwenye kibanda cha wateja 14.25, hitilafu hiyo hiyo ya saa moja inahitaji saa 19 za kazi kufutika, yaani zaidi ya siku mbili. Kwa yule aliyefupisha huduma hadi dakika 3, ni saa moja na nusu. Mtu anayetaka kujua thamani ya ile nafasi ya bure aitazame hapo.

Kanuni hii ina mipaka, na mipaka hiyo inapimika. Wa kwanza ni ule wa huduma isiyo na kumbukumbu. Kama dhana hiyo ni sahihi na wastani ni dakika 4, basi kati ya wateja 100, kama 22 watamaliza chini ya dakika moja, na 13 au 14 watazidi dakika 8. Daftari likionyesha kwamba karibu kila mtu huchukua kati ya dakika 3 na 5, dhana imekosea, na foleni halisi itakuwa fupi kuliko iliyokadiriwa. Huduma ikiwa dakika 4 kamili kwa kila mtu, kusubiri kunashuka nusu kwa nusu, kutoka dakika 16 hadi 8. Fomula inayopima athari hiyo iliandikwa na Felix Pollaczek mwaka 1930, na Mrusi Aleksandr Khinchin akaifikia kwa njia yake miaka miwili baadaye. Inafanya kazi pande zote mbili: huduma ikiwa na tofauti kubwa zaidi, wengi wa nusu dakika na wachache wa nusu saa, kusubiri kunazidi dakika 16.

Mpaka wa pili ni kasi ya kufika. Hakuna kibanda ambacho wateja huja kwa kasi moja siku nzima na mwezi mzima. Siku ya mshahara si sawa na tarehe 17, na saa 7 mchana si sawa na saa 3. Kuchukua wastani wa mwezi na kuutia kwenye kanuni ni kosa la wazi, kwa sababu saa ya msongamano huumiza zaidi kuliko saa tulivu inavyofidia. Kibanda kinachopokea wateja 6 kwa saa nusu ya siku na 18 nusu nyingine kina wastani wa 12, lakini mchana wake wote uko katika foleni isiyo na mgawanyo tulivu. Kila kipindi kinahesabiwa peke yake.

Wa tatu ndio mgumu kuugundua. Mtu anayekuta watu kumi mbele yake mara nyingi hageuki kuwa mtu wa kumi na moja. Anakwenda kibanda cha jirani. Kasi ya kufika basi inashuka kadiri foleni inavyorefuka, na kanuni ya uwiano mmoja haifai tena, ingawa ile njia ya kupiga mstari inaendelea kufanya kazi, kila mstari ukiwa na kasi yake. Tatizo liko kwenye daftari. Mwenye kibanda anaona foleni haizidi watu wanane na anadhani mambo ni mazuri. Walioondoka hawakuandikwa popote, na pesa zao zimeingia kwa jirani.

Kwa hiyo anayesimamia dirisha, liwe la wakala, la duka la dawa au la ofisi ya serikali ya mtaa, aanze kwa kuandika saa tatu kwa kila mteja: alipofika, alipoanza kuhudumiwa na alipoondoka, pamoja na alama ya kila aliyegeuka bila kuhudumiwa. Wiki mbili zinatosha kuanzia, na siku za mwisho wa mwezi ziandikwe ukurasa wao. Agawanye wastani wa muda wa huduma kwa wastani wa muda kati ya mteja na mteja, kwa kila kipindi cha siku. Akipata 0.6 hana la kuhofia. Akipata 0.8 ajue wateja wake wanakaa mara tano ya muda wa huduma yenyewe. Akipata 0.9 au zaidi, asisubiri wateja waongezeke ndipo atafute dirisha la pili.